Deni la barabara huzaliwa shimoni: Vipimo vya Muhoroni na malipo ya wanakandarasi

Mjadala kuhusu madeni ambayo serikali inadaiwa na wanakandarasi wa barabara umekuwa ukiendeshwa nchini kwa tarakimu moja kubwa. Mwaka 2025 tarakimu hiyo ilikuwa Sh175 bilioni, kiasi ambacho serikali ilipanga kukipata kwa kuweka rehani Sh7 kati ya Sh25 zinazotozwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya ukarabati wa barabara. Ushuru huo ulikuwa umepandishwa kutoka Sh18 mnamo Julai 2024. Mwenye matatu ya Kisumu kuelekea Muhoroni, mwenye trekta ya kubeba miwa Chemelil na mwenye bodaboda pale Koru wote wanachangia fedha hizo kila wanapojaza mafuta, wapende wasipende.

Lakini deni hilo halikuzaliwa Nairobi katika ofisi za Hazina ya Kitaifa. Lilizaliwa kando ya barabara, siku ambayo watu wawili, mmoja wa mwanakandarasi na mwingine wa mhandisi, walisimama juu ya kazi iliyokamilika wakiwa na utepe, darubini ya kupimia vimo na daftari, wakakubaliana kwamba kazi kadha wa kadha imefanywa. Iwapo walipima sawasawa, deni ni la haki na linastahili kulipwa hadi senti ya mwisho. Iwapo hawakupima, ama walipima baada ya kazi kufukiwa, hakuna kamati wala mkaguzi atakayeweza kusema kwa yakini miaka kumi baadaye ni kiasi gani tunachodaiwa.

Barabara ya Mamboleo, Miwani, Chemelil, Muhoroni hadi Kipsitet ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Ina urefu wa kilomita zipatazo 63, iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa (KeNHA), na inapita katikati ya ukanda wa miwa, ambako viwanda vya Chemelil na Muhoroni vilikodishwa kwa kampuni za kibinafsi mwaka 2025. Kazi katika barabara hiyo imekuwa ya kusimama na kuanza tena, huku kilio cha wakazi kikiwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya bonde hilo imetandazwa udongo mweusi mzito, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa jua na kufura kama unga uliokandwa mvua inyeshapo. Ni udongo unaofaa kwa miwa na mpunga. Kwa barabara, ni adui.

Mhandisi anayekutana na udongo huo hana hiari ya kuweka lami juu yake hivi hivi. Mara nyingi huamuru uchimbwe hadi kina fulani, utupwe mbali, kisha nafasi yake ijazwe maramu au mawe yaliyoletwa kutoka machimbo, tabaka baada ya tabaka, kila tabaka likishindiliwa. Hapa ndipo penye fedha nyingi, na hapa ndipo penye hatari, kwani kazi hiyo ikishakamilika haionekani tena. Lami utaiona, kalavati utaliona mdomo wake, lakini shimo lililochimbwa na kujazwa limekwisha kutoweka chini ya magurudumu.

Mkataba wa kawaida wa barabara nchini haumlipi mwanakandarasi fedha moja kwa kazi nzima. Huwa na orodha ya kazi na bei, ambamo kila kipengee kina kipimo chake: kusafisha eneo kwa mita za mraba au hekta, kuchimba na kujaza kwa mita za ujazo, mabomba ya kalavati kwa mita za urefu, lami ya kunyunyiza kwa lita. Mpangilio huo unafuata sura za Maelezo ya Kawaida ya Ujenzi wa Barabara na Madaraja yaliyotolewa na serikali mwaka 1986, ambamo kazi za udongo ziko katika sura ya 5, makalavati na mitaro sura ya 8, na tabaka za changarawe sura ya 12. Kiasi kilichoandikwa katika orodha wakati wa zabuni ni makadirio tu. Kinacholipwa ni kiasi kilichopimwa, kikazidishwa kwa bei ambayo mwanakandarasi mwenyewe aliijaza.

Kila mwezi, basi, mwanakandarasi huandaa taarifa ya kazi aliyoifanya, na mhandisi huipitia na kutoa hati ya malipo ya awamu. Katika mikataba inayofuata masharti ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, toleo la mwaka 1999, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati hiyo tangu apokee taarifa, naye mwajiri ana siku 56 za kulipa zikihesabiwa tangu siku hiyo hiyo ya taarifa. Masharti hayo yanasema pia kwamba mhandisi akitaka kupima sehemu ya kazi atamwarifu mwanakandarasi, na mwanakandarasi akikosa kumtuma mwakilishi, vipimo vya mhandisi vitachukuliwa kuwa sahihi. Kwa hiyo kutohudhuria ni kukubali.

Ili msomaji aone jinsi mambo yanavyokwenda, tuchukue mfano wa kipande cha mita 100 kwenye udongo mweusi. Tarakimu zitakazofuata ni zetu za kuelezea wala hazikutolewa katika mkataba wowote, lakini hesabu yenyewe ndiyo ile ile inayofanywa na wakadiriaji majenzi kila mwisho wa mwezi.

Hatua ya kwanza hufanywa kabla greda halijagusa ardhi. Mpimaji huanzia kwenye alama ya kudumu ya kimo, yaani kigingi cha zege ambacho kimo chake kinajulikana, kisha huchukua vimo vya ardhi ya asili kila baada ya mita 25, kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine. Vimo hivyo huandikwa, pande mbili hutia sahihi, kila mmoja hubaki na nakala. Ukiniuliza ni karatasi ipi katika mradi mzima ambayo ningeilinda moto ukizuka ofisini, ningekutajia hiyo. Ardhi ya asili hupimwa mara moja tu. Ikishakwanguliwa, hakuna wa kuirudisha.

Baada ya hapo, udongo wa juu wenye mizizi na nyasi huondolewa kwa kina cha sentimita 20, na kazi hiyo ina kipengee chake na bei yake. Mpimaji hupima tena. Kisha mhandisi huamuru, kwa maandishi, kwamba udongo mweusi uchimbwe upana wa mita 10 na kina cha takriban sentimita 60 kutoka hapo. Mashine zinachimba, na kabla lori la kwanza la maramu halijamwaga mzigo wake, mpimaji wa mhandisi na yule wa mwanakandarasi hushuka shimoni kwa mara ya tatu.

Kutokana na vimo vya kabla na baada, wanachora umbo la shimo katika kila kituo, kana kwamba barabara imekatwa kwa kisu kama mkate. Tuseme eneo la mkato katika vituo vitano ni mita za mraba 5.2, 6.0, 6.8, 6.4 na 5.6. Kati ya kituo cha kwanza na cha pili wastani ni 5.6, ambao ukizidishwa kwa mita 25 unakupa mita za ujazo 140. Vipande vinavyofuata vinatoa 160, 165 na 150. Jumla ni mita za ujazo 615. Kwa bei ya Sh450 kwa kila mita ya ujazo, uchimbaji wa kipande hicho una thamani ya Sh276,750.

Sasa tuseme mwanakandarasi, katika taarifa yake ya mwezi, amedai mita za ujazo 798. Je, ni mwizi? Si lazima. Karani wake alisimama njiani akahesabu safari 57 za malori, kila lori likibeba mita za ujazo 14, na 57 mara 14 ni 798. Hakuna safari hata moja aliyoiongeza. Tatizo ni kwamba udongo ukichimbuliwa hufura. Mita moja iliyokuwa imeshikamana ardhini huwa mita moja na theluthi, au karibu na hapo, ikishamwagwa ndani ya lori. Malori yale 57 yalibeba udongo ule ule wa mita 615, ila sasa umejaa hewa. Vipimo vya barabara huhesabu udongo ukiwa mahali pake ardhini, na bei ya mwanakandarasi inatakiwa iwe imekwisha kuzingatia kufura huko.

Tofauti ni mita za ujazo 183, sawa na Sh82,350 katika mita 100 pekee. Ikiwa udongo mweusi umeenea kwa kilomita sita, kosa hilo dogo la kuhesabu malori badala ya shimo linafika Sh4.94 milioni, na hapo hatujagusa maramu ya kujazia, ambayo bei yake kwa kawaida ni kubwa zaidi na ambayo nayo hufika ikiwa imefura kabla ya kushindiliwa. Ndiyo maana mkaguzi mwenye uzoefu akikuta daftari la vipimo vya udongo limeambatishwa tikiti za malori badala ya vimo, huweka kalamu chini na kuanza kuuliza maswali.

Kuna njia nyingine ya kulipwa mara mbili ambayo ni ya kimyakimya zaidi. Ikiwa kimo kilichopimwa baada ya kukwangua udongo wa juu hakikuandikwa, mkadiriaji atatumia kimo cha ardhi ya asili kuwa mwanzo wa shimo. Hivyo zile sentimita 20, ambazo tayari zimelipwa kama usafishaji, zinaingia tena katika uchimbaji. Kwa upana wa mita 10 na urefu wa mita 100, hizo ni mita za ujazo 200, au Sh90,000. Kwa kilomita sita ni Sh5.4 milioni. Kila karatasi itakuwa na sahihi, kila hesabu itakuwa sahihi, na bado umma utakuwa umelipia udongo mmoja mara mbili.

Kwa upande mwingine, si haki kuwachora wanakandarasi daima kama mafisi wanaonyemelea hazina. Mara nyingi anayeumia ni wao. Tuseme mhandisi aliamuru kina cha sentimita 60, lakini kufika hapo ikaonekana chini bado ni tope lisilobeba hata mtu. Msimamizi wa mashine, akitaka kazi iendelee kabla ya mvua za Machi, anaambiwa kwa mdomo, "Ongeza kidogo," naye anachimba hadi sentimita 90. Mwisho wa mwezi hakuna amri ya maandishi. Kanuni ni kwamba kinachopimwa ni kiasi halisi cha kazi iliyoagizwa, na aliyechimba zaidi ya mstari alioamriwa amejichimbia mwenyewe, pamoja na gharama ya kujaza sentimita 30 za ziada. Mwanakandarasi makini hachimbi hata shubiri moja zaidi kabla ya karatasi kutiwa sahihi, ingawa kusubiri karatasi hiyo kunaweza kumgharimu siku mbili za mashine zilizolala.

Makalavati ni rahisi zaidi kuyapima, lakini hayakosi mitego yake. Kipo kishawishi cha kuandika kwamba "kalavati limekamilika asilimia 60" na kulipa asilimia 60 ya bei. Hakuna kipengee kiitwacho kalavati katika orodha. Kuna kuchimba mtaro wake, kuna zege la kulalia, kuna mabomba kwa mita, kuna zege la kuyazunguka, kuna kuta za midomo, kuna kujaza na kushindilia ubavuni. Bomba la kipenyo cha milimita 900 lililolazwa mita 12 lakini ambalo halijazungushiwa zege hulipwa mita 12 za kulaza na senti sufuri za zege la kulizunguka. Yule anayekadiria kwa asilimia hulipa zege ambalo labda halitawahi kumwagwa, na kalavati litakapovunjika chini ya trekta la miwa haitajulikana kama lilikosa zege au lilipata zege bovu.

Vipengee vyote vikishapimwa, hati ya malipo hujengwa kwa namna ambayo huwachanganya wengi. Haihesabu kazi ya mwezi huo peke yake. Huhesabu kazi yote tangu siku ya kwanza, kisha huondoa yaliyokwisha kulipwa. Tuseme thamani ya kazi yote hadi sasa ni Sh148 milioni. Mwajiri huzuia asilimia 10 kama kinga dhidi ya kasoro, yaani Sh14.8 milioni. Huondoa pia Sh12 milioni za malipo ya kianzio ambazo mwanakandarasi alikopeshwa kuleta mashine na ambazo zinarejeshwa kidogo kidogo. Hati zilizotangulia zilikuwa zimefikisha Sh96 milioni. Kinachobaki, na ndicho kitakacholipwa safari hii, ni Sh25.2 milioni.

Utaratibu huo wa kujumlisha tangu mwanzo una hekima yake. Hati ya awamu si hukumu ya mwisho. Mhandisi akigundua katika hati ya nane kwamba udongo wa juu ulihesabiwa mara mbili katika hati ya nne, hana haja ya kwenda mahakamani wala kumwandikia mtu barua ya kurudisha fedha. Anasahihisha tu kiasi katika safu ya jumla, na zile Sh5.4 milioni zinajitoa zenyewe katika malipo yanayofuata. Hali kadhalika, mwanakandarasi aliyepunjwa kalavati mwezi Mei anaweza kulipwa mwezi Juni. Ilimradi kuna hati inayofuata, kosa lina mahali pa kutengenezewa.

Na hapa ndipo tunaporejea kwenye tatizo la nchi nzima. Malipo yakikoma, hati zinazofuata hukoma pia. Chini ya masharti ya FIDIC ya 1999, mwanakandarasi ambaye hajalipwa anaweza kutoa ilani ya siku 21 na kusimamisha kazi ama kupunguza kasi, na deni lake linaanza kuzaa riba inayojumlishwa kila mwezi, kwa kiwango cha asilimia tatu juu ya kile cha benki kuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 nayo inatambua riba kwa malipo yaliyochelewa. Kosa lililokuwa lisahihishwe mwezi uliofuata linaganda ndani ya hati ya mwisho, na riba inaanza kuota juu yake. Zile Sh5.4 milioni za udongo uliolipiwa mara mbili, ambazo zingefutwa kwa mstari mmoja wa kalamu, zinakuwa deni la taifa lenye riba.

Wakati huo huo kazi yenyewe inaharibika. Anayepajua Muhoroni anajua mvua zake. Shimo lililoachwa wazi katika udongo mweusi hujaa maji, kuta zake huporomoka, na sakafu iliyokuwa ngumu hugeuka uji. Tabaka la maramu lililoshindiliwa na kulipwa, lakini ambalo halijafunikwa kwa lami, huchimbwa mifereji na maji na kutifuliwa na matrekta. Je, mwanakandarasi akirejea baada ya miaka miwili, nani analipa kulirudisha tabaka hilo? Mkataba husema kwamba kazi iko chini ya uangalizi wa mwanakandarasi hadi ikabidhiwe, kwa hiyo uharibifu ni wake. Naye atajibu kwamba asingeondoka kama angelipwa. Hoja zote mbili zina miguu ya kusimamia, na kwa maoni yangu mwanakandarasi ndiye mwenye mguu mzito zaidi, kwani aliyeuvunja mkataba kwanza ni yule asiyelipa. Ila asipokuwa na vipimo vilivyotiwa sahihi siku alipofunga lango, hataweza kuthibitisha kwamba tabaka hilo liliwahi kuwa na unene wa sentimita 15 wala kwamba lilishindiliwa.

Upimaji wa siku ya kusimama, basi, una uzito kuliko wa mwezi wowote mwingine, na ndio unaofanywa kwa haraka na kwa hasira kuliko wote. Mashine zinapakiwa, vibarua wanadai mishahara, mhandisi mkazi mwenyewe huenda hajalipwa, kwani mara nyingi kampuni ya usimamizi hutegemea bajeti ile ile. Daftari hufungwa likiwa na mapengo, na kila mmoja hutumaini kuyajaza baadaye kwa kukumbuka.

Mwaka 2023 serikali iliunda kamati ya kuchunguza madeni hayo, chini ya uenyekiti wa aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bw Edward Ouko, ikapewa madai ya tangu mwaka 2005 hadi 2022. Hakuna sababu ya kutilia shaka bidii yake. Lakini kamati ya namna hiyo hukagua karatasi: kuna mkataba, kuna taarifa, kuna hati ya mhandisi, kuna sahihi. Haiwezi kulipima shimo lililofukiwa miaka 15 iliyopita.

Hata hivyo, si kweli kwamba hakuna kinachoweza kukaguliwa. Mtu anaweza kuchimba vishimo vya majaribio kando ya lami kila baada ya mita 250, na ukuta wa kishimo humwonyesha mpaka kati ya maramu nyekundu iliyoletwa na udongo mweusi wa asili. Daftari likisema maramu ina kina cha sentimita 60 na kishimo kikionyesha 35, hapo kuna swali la kujibiwa. Unene wa lami hupimwa kwa kutoboa na kuchomoa kipande cha mviringo. Urefu wa mabomba hupimwa kwa utepe hata baada ya miaka 30. Kisichoweza kupatikana kamwe ni kimo cha ardhi kabla greda halijapita, na kwa sababu hiyo kishimo kitakuambia ni kiasi gani kilichojazwa, lakini hakitakuambia kilichochimbwa na kutupwa kilikuwa kiasi gani. Kwa kipengee hicho, tunalipa kwa kuamini karatasi.

Baadhi ya wadadisi wamependekeza kwamba ndege ndogo zisizo na rubani zichukue mahali pa mpimaji wa miguu. Zina faida. Zinaweza kupima kilomita kadhaa za ardhi ya asili asubuhi moja na kutoa picha yenye tarehe. Hata hivyo, hazipenyi miwa wala nyasi ndefu, na zikirushwa juu ya shamba ambalo halijafyekwa zitarekodi vilele vya majani kuwa ndiyo ardhi. Ukipima kutoka kwenye kimo hicho cha uongo, shimo lako linaongezeka kina bila jembe kugusa udongo. Aidha, ndege haishuki shimoni kukanyaga na kuhisi kama sakafu inabonyea.

Wakati fedha za mwaka 2025 zilipokuwa zikitolewa ili miradi iliyokwama ifufuliwe, swali lililoulizwa zaidi katika mabaraza lilikuwa ni lini mashine zitarudi. Swali hilo ni halali, lakini kwa mlipa ushuru lipo lingine linalotangulia. Mashine zinaporudi, je, kuna upimaji mpya wa pamoja kabla hazijaanza kukwangua? Zikianza kukwangua kwanza, ushahidi wa hali ya barabara katika kipindi ilipokuwa imeachwa unafutika siku hiyo hiyo, na pamoja nao uwezo wa kutenganisha kazi ya zamani iliyokwisha kulipwa, kazi ya zamani inayodaiwa, marekebisho ya uharibifu na kazi mpya. Vyote vinne vitaingia katika kipengee kimoja cha kujaza, kwa bei moja, na hati itakayofuata itakuwa na sahihi zote zinazohitajika.

Karatasi zenyewe si siri. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa Mkenya yeyote haki ya kuiomba taasisi ya umma taarifa iliyo nayo, na taasisi hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wanaoomba kuhusu barabara kwa kawaida huomba mkataba na jumla iliyolipwa, na wakizipata hawaambulii kitu, kwani jumla haina cha kulinganishwa nacho. Mkazi wa Chemelil au Muhoroni anayetaka kujua angeomba kurasa tatu za kipande kimoja anachokijua: vimo vya ardhi ya asili, vimo vya sakafu ya shimo, na amri ya maandishi ya kina cha kuchimba. Tarehe za karatasi hizo azilinganishe. Iwapo vimo vya sakafu ya shimo vina tarehe iliyo baada ya ile ya tikiti ya kwanza ya maramu, basi shimo hilo lilipimwa likiwa limekwisha kujazwa.